Kama hujafungua hukumu, usiitaje kesi ya Unilever

Sentensi ya aina hii utaipata kwa klipu na poti nyingi zinazoongelea chai ya Kericho na Bomet: "Mahakama ya Uingereza ilishaamua kwenye AAA v Unilever kwamba kampuni mama inawajibika kwa yale yanayowapata watu kwenye mashamba yake ya chai." Inasikika vizuri. Ina jina la kesi, ina Uingereza, na kwa chini kuna namba ya kutisha kidogo: [2018] EWCA Civ 1532. Watu wanabonyeza moyo, wanasambaza, na kwa komenti mtu anauliza pesa zinalipwa lini.

Hakuna pesa. Kesi ipo kweli, namba ni sahihi, kampuni ni hiyo hiyo, Kericho ni hii hii yetu. Lakini walalamishi walishindwa. Walishindwa Mahakama Kuu ya London mwaka 2017, wakashindwa Mahakama ya Rufaa tarehe 4 Julai 2018, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakataa hata kuwapa ruhusa ya kukata rufaa tena.

Huu ndio uongo unaonikera kuliko ule wa kesi ya kubuni. Kesi ya kubuni ni rahisi kuinasa: unaitafuta, huipati, umemalizana nayo. Kesi ya kweli iliyobebeshwa maneno ambayo haikusema inapita kila mlango. Ukiitafuta kwa Google inatokea. Jina linafanana. Tarehe inafanana. Unajiambia "nimehakikisha" na hujahakikisha chochote, umehakikisha tu kwamba karatasi ipo.

Hebu tuingie ndani ya hiyo karatasi.

Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, magenge yalivamia shamba la chai la Unilever hapa Kericho. Watu waliuawa, wengine wakabakwa, wakapigwa, wakaporwa, na walilengwa kwa sababu ya kabila. Miaka ikapita, na watu 218, waliokuwa wafanyakazi na wakaazi wa shamba, wakapeleka madai London. Herufi "AAA" si kifupi cha kitu. Ni njia ya kuficha majina yao, na ukijua walichopitia unaelewa kwa nini.

Walishtaki kampuni mbili. Moja ni Unilever Tea Kenya, iliyoendesha shamba. Ya pili ni Unilever PLC, kampuni mama iliyo Uingereza. Hapo ndipo kila kitu kimefungwa, kwa hivyo tulia kidogo. Ili mahakama ya London iikubali kampuni ya Kenya ndani ya kesi hiyo, kwanza ilibidi kuwe na swali la kweli la kusikizwa dhidi ya kampuni mama. Kampuni mama ndiyo iliyokuwa nanga. Nanga ikitoka, meli yote inaondoka.

Walalamishi walisema kampuni mama ilikuwa na wajibu wa kuwalinda, kwa sababu ilihusika na jinsi tawi lake la Kenya lilivyojipanga kwa hatari kama hizo. Jaji Sales, aliyeandika hukumu ya rufaa, aliangalia ushahidi akaona tofauti. Mpango wa kukabili dharura ulikuwa wa kampuni ya Kenya yenyewe. Kampuni mama haikuwa imechukua usukani wa jambo hilo, wala haikuwa imetoa ushauri wa jinsi ya kukabili hatari ya vurugu za kisiasa. Nanga ikatoka. Rufaa ikatupwa.

Sasa, ile sentensi ya mtandaoni ilitoka wapi? Haikutungwa na mtu mmoja mwenye nia mbaya. Ilikua njiani, na unaweza kufuata safari yake.

Kwenye aya ya 36 na 37 za hukumu hiyo, Jaji Sales alieleza sheria kwa jumla kabla ya kuitumia. Alisema hakuna kanuni maalum inayofanya kampuni mama iwajibike kwa sababu tu ni mama. Halafu akataja hali mbili za msingi ambapo wajibu unaweza kuwepo: kampuni mama ikiwa kwa kweli imechukua uendeshaji wa shughuli husika, peke yake au pamoja na kampuni tanzu, au ikiwa imetoa ushauri kuhusu namna ya kushughulikia hatari fulani.

Mwandishi wa makala ya sheria anachukua hapo na kuandika, kwa haki kabisa: kampuni mama inaweza kuwa na wajibu katika hali mbili, tazama AAA v Unilever, aya ya 37. Hiyo ni sawa. Mtu wa pili anasoma makala, haendi kwenye hukumu, na "inaweza kuwa na wajibu" inageuka "ina wajibu". Mtu wa tatu anatengeneza klipu, na "ina wajibu" inageuka "Unilever ilipatikana na hatia". Hata neno hatia lenyewe limepotea njia, kwa sababu hii ilikuwa kesi ya madai, hakuna aliyekuwa anashtakiwa kwa jinai. Watu watatu, kila mmoja amesogeza neno moja, na mwishowe watu walioshindwa wametangazwa washindi.

Na usidhani kosa linaenda upande mmoja tu. Kuna wale wa kusema, "AAA v Unilever ilimaliza hii stori, kampuni mama haishtakiki." Zii, hata hao hawajasoma. Kwanza, kesi hii haikufika kwa kusikizwa kamili. Iliishia mlangoni, kwenye swali kama kuna kitu cha kusikiza London. Mahakama haikusema watu hao hawakuumizwa.

Pili, sheria haikukaa pale. Aprili 2019, kwenye Vedanta v Lungowe, [2019] UKSC 20, wanakijiji wa Zambia waliolalamikia uchafuzi wa mgodi wa shaba waliruhusiwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza kuendelea na kesi yao huko. Jaji Briggs alikubaliana na Jaji Sales kwamba hakuna kanuni maalum ya kampuni mama, lakini akaonya kwamba kesi zote zisilazimishwe kuingia kwenye visanduku viwili. Februari 2021, kwenye Okpabi v Shell, [2021] UKSC 3, watu wa Niger Delta waliruhusiwa pia kuendelea. Na hapo tena angalia neno: waliruhusiwa kuendelea. Hukumu hizo mbili hazikusema Vedanta au Shell wamepatikana na kosa. Ukiandika "Shell ilishindwa mwaka 2021" bila kusema ilishindwa kuhusu nini, umerudi pale pale.

Basi ukitaka kuitumia kesi yetu ya Kericho bila kudanganya, sentensi yako ni kitu kama hiki: "Kwenye AAA v Unilever, [2018] EWCA Civ 1532, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema kwenye aya ya 37 kwamba kampuni mama inaweza kuwa na wajibu katika hali fulani, lakini walalamishi kutoka Kericho walishindwa kuonyesha hali hizo." Haina moto kama ile ya kwanza. Ila hii wakili wa upande wa pili hawezi kuichana.

Kuifikia haichukui hata nusu saa. Anza kwa kuelewa rejeleo lenyewe. [2018] ni mwaka. EWCA Civ ni Mahakama ya Rufaa ya Uingereza na Wales, upande wa madai. 1532 ni namba ya hukumu hiyo mwaka huo. Andika yote kwenye caselaw.nationalarchives.gov.uk au bailii.org, na ni bure. Ikifunguka, linganisha vitu vitatu: majina, mahakama na tarehe. Kimoja kikikataa, simama. Mara nyingi namba ni ya kesi nyingine kabisa, au ni hukumu ya chini ya kesi hiyo hiyo. Ya chini kwenye hii yetu ni [2017] EWHC 371 (QB), na haina maneno ya Jaji Sales kwa sababu yeye hakuwa huko.

Kisha usianze kusoma kutoka juu kama riwaya. Nenda mwisho kwanza, uone mahakama iliamuru nini. Rufaa imekubaliwa au imetupwa? Hapo pekee pangemwokoa yule mtu wa klipu. Ndipo urudi kwenye aya uliyoambiwa, uisome pamoja na mbili za juu na mbili za chini, ukiuliza swali moja: ni nani anaongea hapa? Hukumu imejaa sauti za watu wengi. Kuna mahali jaji anaeleza walalamishi wanadai nini. Kuna mahali anaeleza mawakili wa kampuni walijibu nini. Kuna mahali ananukuu kesi ya zamani. Ukikata skrinshoti ya mstari uliotanguliwa na "wakili wa walalamishi aliwasilisha kwamba", umenukuu ombi la upande mmoja ukaliita uamuzi wa mahakama. Hukumu za Kenya ndizo hatari zaidi kwa hili, kwa sababu hoja za mawakili hukaa kurasa nyingi kabla jaji hajasema neno lake.

Kwa kesi za Kenya unaenda new.kenyalaw.org, nayo ni bure. Lakini kuna mtego. Rejeleo nyingi za zamani zinaisha hivi: [2009] eKLR au [2019] eKLR. Hiyo eKLR haina namba yake ya kipekee. Kesi nyingi za mwaka mmoja zinabeba rejeleo hilo hilo, kwa hivyo bila majina, mahakama na namba ya kesi huwezi kujua umeshika ipi. Rejeleo mpya ni afadhali. [2022] KESC 8 (KLR) ni hukumu moja tu, ile ya BBI, na KESC inakuambia ni Mahakama ya Juu. KECA ni Rufaa, KEHC ni Mahakama Kuu, KEELRC ni mahakama ya ajira. Usishtuke ukikuta hukumu ya zamani imeongezewa namba ya aina hii kwenye tovuti, ni kesi ile ile.

Mtego wa eKLR si wa kinadharia hapa kwetu. Chukua msee wa kiwanda cha chai ambaye mkono umeshikwa na mashine, au mama aliyeumia mgongo kazini. Anataka kujua adai wapi. Mtu anamtumia kwa WhatsApp: "Law Society of Kenya v Attorney General, eKLR. Mahakama iliondoa kile kifungu kinachokuzuia kumshtaki mwajiri. Nenda kortini moja kwa moja."

Itafute. Ipo! Mwaka 2009 Mahakama Kuu kweli ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile tunayoita WIBA, vinakiuka katiba. Kifungu cha 16, kinachozuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri kortini kudai fidia ya jeraha la kazini, kilikuwa kimoja wapo. Kwa hivyo kesi ipo, na inasema kile alichosema. Imepita mitihani miwili.

Ila kuna Attorney General v Law Society of Kenya, ya Mahakama ya Rufaa, 2017, iliyorudisha sehemu kubwa ya vifungu hivyo, pamoja na hicho cha 16. Halafu kuna ya tatu, ya Mahakama ya Juu, Petition 4 of 2019, tarehe 3 Desemba 2019, iliyotupa rufaa ya chama cha mawakili. Ni mgogoro ule ule na majina yale yale, na mtu akikuandikia "eKLR" bila mwaka hujui amekupa ipi. Ya kwanza inakuelekeza kortini. Ya mwisho, ambayo ndiyo sheria sasa, inakuelekeza kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.

Na sheria hiyo inataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mama amechanga pesa ya wakili wa kubahatisha, kesi imefunguliwa mahali isipostahili, inakaa, inatajwa, inaahirishwa. Siku hakimu anasema hana mamlaka ya kuisikiza, ile miezi 12 imeenda. Aliyetuma ile meseji hakumdanganya kuhusu kilichoandikwa 2009. Hakuangalia tu kilichotokea baadaye. Kwa hivyo ukishapata hukumu, rudi kwenye sanduku la kutafutia, andika majina ya pande zote mbili bila mwaka, na uone kama kuna mahakama ya juu zaidi iliyogusa mgogoro huo. Dakika tano.

Kuna vitetezi viwili navijua, acha nivijibu.

Cha kwanza: "Mimi si wakili, mimi natoa sauti kwa watu wetu." Sawa. Lakini wewe ndiye uliyeweka namba ya kesi. Hakuna aliyekulazimisha. Ungesema "naona kampuni mama inafaa kuwajibika" hayo yangekuwa maoni yako na tungebishana. Ulipoweka [2018] EWCA Civ 1532 ulikuwa unaniambia nisibishane, kwamba jaji ameshasema. Umeazima mamlaka ya jaji ambaye hujamsoma, na amesema kinyume.

Cha pili: "Niliitoa kwa ripoti ya watu wakubwa." Ripoti inaweza kuwa sawa na wewe ukawa umeisoma vibaya, kama tulivyoona kwenye ile safari ya maneno matatu. Au ripoti yenyewe ilinakili kutoka ripoti nyingine. Ripoti tano zenye kosa moja, zote zimenakili ya kwanza, si mashahidi watano. Ni shahidi mmoja na mwangwi.

Na anayelipa bei ya haya yote si wewe mwenye wafuasi. Ni wale 218. Mtu aliyeporwa na kubakwa kwenye laini za chai mwaka 2007, akajitokeza, akapambana hadi London akaambiwa hapana, leo jirani anamwuliza kwa nini anaficha pesa alizoshinda. Na akitokea mjanja wa kuzunguka vijijini akikusanya mia tano mia tano za "kujiunga na kesi iliyoshinda", klipu yako ndiyo itakuwa risiti yake.

Kwangu mimi sheria ya ukurasa huu ni hii kuanzia sasa. Ukinitumia kesi nisambaze, nitumie linki ya hukumu yenyewe, namba ya aya, na mstari mmoja wa nani alishinda. Huna hivyo vitatu, sisambazi, hata kama nakubaliana na wewe kwa kila kitu kingine.